Taja Alichokifanya: Namna ya Kumwandikia Shukrani Mtu Aliyejitolea

Jioni moja, baada ya siku ya uchangiaji damu niliyoiratibu, niliandika ujumbe mmoja nikautuma kwa watu wote 23 waliokuja kujitolea. Ulisema hivi:

"Habari za jioni. Asante sana kwa moyo wako wa kujitolea. Mchango wako ni mkubwa na tunauthamini mno. Mungu akubariki."

Wengi walijibu kwa neno moja, au kwa kile kikaragosi cha viganja vilivyokutanishwa. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameshinda kwenye viti vya kupumzikia, aliniandikia: "Amina mwanangu. Na wewe ulipata nafasi ya kupita kule kwetu?"

Hakuwa ananisuta. Alitaka kujua kweli. Mimi nilikuwa nimepita kwake mara nne siku ile, na nilikuwa nimemwona akifanya jambo lililobadilisha namna tulivyofanya kazi pale. Lakini katika ujumbe wangu hapakuwa na neno hata moja la kumwonyesha hivyo. Mtu ambaye hakukanyaga ukumbini angeweza kuuandika vilevile, neno kwa neno.

Tangu hapo nimejifunza kuziandika shukrani upya, na ninachoeleza hapa ni kazi ndogo tu katika fani hiyo: ujumbe mmoja, kwa mtu mmoja, baada ya kazi moja. Nitamtumia mama huyo kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu shukrani yake niliiandika mara mbili, na hata ile ya pili ilikuwa na kosa.

Kwanza, ujue kazi yenyewe ilivyo

Huwezi kutaja mchango wa mtu kama huielewi kazi aliyoifanya, kwa hiyo nieleze kidogo kuhusu viti vile.

Mtu akishatoa damu, ambayo sehemu nyingi huwa kama mililita 450 kwa mara moja, haruhusiwi kuondoka papo hapo. Hukaa kwenye kiti dakika 10 hadi 15, anapewa kitu cha kunywa, na anaangaliwa. Wengi hawapatwi na lolote. Wachache hupata kizunguzungu, na wachache zaidi huzimia. Tatizo ni kwamba kuzimia huko mara nyingine hakutokei mtu akiwa amelala kitandani na sindano mkononi. Hutokea baadaye, anaposimama na kuanza kutembea. Kwa hiyo anayekaa kwenye viti vya kupumzikia anatazama nyuso: nani midomo imempauka, nani anatoka jasho wakati hakuna joto, nani anapiga miayo mfululizo, nani alikuwa anaongea na ghafla amenyamaza. Akiona hivyo anamwita muuguzi, na mtu analazwa miguu ikiwa juu kabla hajaanguka.

Kwa macho ya anayepita, mtu huyo amekaa tu na anapiga soga. Ndiyo maana shukrani yake huwa ya jumla kuliko za wote. Anayebeba maboksi anaonekana akibeba. Anayeandikisha majina ana daftari lililojaa. Wa kwenye viti, kazi yake ikienda vizuri hakuna kinachotokea, na kisichotokea hakikumbukwi na mtu.

Kusanya kabla ya kuandika

Ujumbe wa jumla hautokani na ukosefu wa shukrani. Nilipoandika ule wa watu 23 nilikuwa nawashukuru kwa dhati. Unatokana na kukaa kuandika saa tatu usiku ukiwa umechoka, huna kitu mkononi, na kichwa kinakuletea maneno yaliyo karibu: moyo, mchango, thamani, baraka. Dawa yake inaanza mchana.

Natembea na daftari dogo linaloingia mfukoni. Kila ninapopita kituo kimoja naandika sentensi moja yenye mtu na kitendo. Sentensi kama "Mama wa viti yuko vizuri" siiandiki, kwa sababu kesho haitaniambia kitu. Naandika nilichokiona kwa macho: "Mama wa viti anahamisha viti viwili, anavitoa mlangoni." Siweki maoni wala sifa. Ukiwa na watu 20 na ukapita mara tatu au nne, mwisho wa siku utakuwa na sentensi za kutosha, hata kama wachache watakosa.

Kwa wale ambao hukuwaona, uliza aliyefanya kazi karibu nao, na uulize vizuri. Ukisema "Fulani alikuwaje leo?" utajibiwa "Alikuwa mzuri, alijituma," na umerudi ulikotoka. Uliza kuhusu tukio: "Kuna wakati wowote leo mlikwama pale kwenu? Nani alifanya nini?" Au: "Kama asingekuwepo, ungelazimika kufanya nini wewe?" Swali hilo la pili ndilo lililonisaidia kumwelewa mama wa viti. Muuguzi aliyekuwa zamu alinijibu bila kufikiri: "Ningekuwa nakimbilia mlangoni kila saa."

Nikamwuliza kwa nini mlangoni. Akanieleza kwamba asubuhi, viti vilikuwa vimepangwa karibu na mlango wa kutokea, kwa wazo kwamba mtu akimaliza kupumzika anatoka moja kwa moja. Kilichotokea ni kwamba watu walikuwa wanaona mlango, wanaona wenzao wanatoka, nao wanainuka kabla ya muda. Wawili walipata kizunguzungu palepale kizingitini, na mmoja alidakwa kabla hajafika chini. Mama hakusubiri kuambiwa. Alivigeuza viti vyote vikatazama ndani, akavisogeza hadi ukuta wa mbali, na yeye akaweka kiti chake kati ya viti hivyo na mlango, ili mtu yeyote anayetoka apite mbele yake.

Yote hayo niliyakuta kwa swali moja, kwa mtu mmoja, dakika tano. Kama nisingeuliza ningebaki na sentensi yangu ya viti viwili.

Andika au rekodi unayoambiwa siku hiyohiyo, kabla hujalala. Baada ya siku tatu utakumbuka kwamba kulikuwa na jambo la viti, lakini hutakumbuka vilitoka wapi kwenda wapi.

Chagua jambo moja, lile aliloliamua mwenyewe

Sasa una mambo matano au sita kuhusu mtu mmoja. Mama yule alifika mapema, alikaa saa sita, aliwaongelesha vijana waliokuwa wanaogopa, alipanga upya viti, na mwisho alibaki kusaidia kufagia. Kishawishi ni kuyaweka yote. Usifanye hivyo. Orodha ndefu inasomeka kama ripoti ya mahudhurio, na jambo kubwa linazama kati ya madogo.

Mimi huchagua kwa kujiuliza: katika haya, ni lipi ambalo hakuna aliyemwagiza? Kufika mapema tuliwaagiza wote. Kukaa saa sita ndiyo ilikuwa zamu. Kufagia walifagia wengi. Kupanga upya viti aliamua yeye, kwa kutazama na kufikiri. Mtu hujitambua zaidi katika uamuzi wake kuliko katika agizo alilolitii, na ndipo anapojua kwamba umemwona yeye na hukuona nafasi tu iliyojazwa.

Neno kuhusu saa. Waratibu wengi tunapenda kuandika "umetoa saa 40 za muda wako mwaka huu". Saa zina kazi yake, hasa pale mtu anapohitaji barua ya kuthibitisha alijitolea wapi. Lakini ndani ya shukrani, saa ni chombo tu, na hazisemi kilichowekwa ndani. Watu wawili wanaweza kuwa na saa 40 na michango isiyofanana hata kidogo. Ukizitaja, zitaje baada ya kitendo, kwa kifupi.

Na kama hukuona uamuzi wowote, kwa kuwa alifanya alichopangiwa, akakimaliza, akaenda nyumbani? Basi taja kazi yenyewe kwa jina lake na kwa kiasi chake. "Uliandikisha watu 61 na hakuna fomu hata moja iliyorudishwa na wauguzi kwa kukosa tarehe ya kuzaliwa." Hiyo nayo ni shukrani kamili. Usimbunie ushujaa ambao hakuufanya, maana yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba si kweli.

Jenga sentensi: hali, kitendo, kilichofuata

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo niende polepole.

Mchango wa mtu hauonekani mpaka msomaji aone kwanza tatizo lilikuwa nini. Ukiandika "ulihamisha viti" peke yake, ni kama unamshukuru mpagazi. Ukianza na hali, "asubuhi watu walikuwa wanainuka kabla ya muda kwa sababu viti vilikuwa mlangoni", kitendo kile kile cha kuhamisha viti kinapata uzito wake bila wewe kuongeza neno la sifa. Baada ya kitendo, sema kilichofuata, kwa kadiri ulivyokiona.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa hivi:

"Mama, asante kwa ubunifu wako mkubwa wa kupanga upya viti, uliosaidia sana kuboresha huduma yetu."

Lina kitendo, lakini limefunikwa. "Ubunifu wako mkubwa" ni maoni yangu juu yake. "Uliosaidia sana kuboresha huduma" ni maneno ya ripoti ya mwaka. Na vitenzi karibu vyote vimegeuzwa majina na sifa, ndiyo maana sentensi imekauka. Kiswahili kinapenda kitenzi. Mpe mtu kitenzi chake: uligeuza, ulisogeza, ulikaa, ulimwita.

Jaribio la pili:

"Mama, asubuhi watu walikuwa wanainuka kabla hawajapumzika vizuri, kwa sababu viti vilikuwa karibu na mlango. Wewe uliligundua, ukavigeuza vyote vikatazama ndani, ukavisogeza mpaka ukutani, ukaketi mwenyewe kwenye njia ya kutokea."

Soma tena uone: hakuna neno la sifa hata moja, na bado mtu yeyote anayeusoma atasema mama huyu ana akili na anajali. Msomaji amefika hapo mwenyewe. Naye mama akiusoma, anajiona akivuta viti.

Kisha kilichofuata. Hapa ndipo tunapoteleza zaidi, hasa katika kazi za afya. Kalamu inataka kuandika "umeokoa maisha". Simama. Je, una hakika? Mimi nilikuwa na hakika ya mambo mawili: kwamba kabla ya viti kuhamishwa watu wawili walipata kizunguzungu mlangoni, na kwamba baada ya hapo hadi tunafunga hakuna aliyepata kizunguzungu akiwa amesimama. Wapo watatu waliojisikia vibaya, lakini walikuwa wameketi, na muuguzi aliwafikia. Kwamba viti ndivyo vilivyosababisha, siwezi kuapa. Kwa hiyo niliandika nilichokiona na kukiacha hapo:

"Kuanzia hapo hadi tunafunga, hakuna hata mmoja aliyepata kizunguzungu akiwa amesimama. Watatu waliojisikia vibaya walikuwa wameketi mbele yako, na uliwaona mapema ukamwita muuguzi."

Kutia chumvi kuna hasara ambayo haionekani siku ile. Mtu uliyemwambia ameokoa maisha kwa kupanga viti, akipata ujumbe wako mwingine, hatajua apime vipi. Lakini kuna hasara ya upande wa pili pia, ya kuogopa kusema matokeo kabisa na kuishia kwenye kitendo. Mtu anayejitolea mara nyingi haoni mwisho wa kazi yake. Mama alikuwa amewapa mgongo waliotoka, macho yake yako kwa walioketi. Hesabu ya siku nzima ninayo mimi. Kumpa hesabu hiyo ni sehemu ya shukrani.

Halafu sema jambo moja kutoka kwako, fupi, linaloonyesha kwamba alichofanya kimebaki: "Nimechora ramani ya viti ulivyovipanga, na ndiyo tutakayoitumia mara ijayo." Usiandike hivyo kama hutaitumia.

Jaribu kwa kubadilisha jina

Ukimaliza, ziba jina kwa kidole, kisha weka jina la mtu mwingine aliyejitolea siku ileile. Sentensi ngapi zinabaki kuwa kweli? Katika ujumbe wangu wa kwanza zilibaki zote. Katika ule wa pili zinabaki salamu tu.

Sentensi inayomfaa kila mtu si lazima uifute. "Habari za jioni" inamfaa kila mtu, na dua pia, na vyote viwili ni adabu. Tahadhari ni kwamba zisiwe nyingi kuliko zile zake peke yake. Ninapokuwa na mashaka huweka dua mwisho na kuiacha iwe sentensi moja.

Jaribio hili hukamata pia sifa za tabia zinazojifanya mahususi. "Wewe ni mtu mwenye subira sana" linaonekana kama linamhusu yeye, lakini hamisha jina uone, litakaa popote. Subira hiyo uliiona wapi? Kama ni pale alipomrudia kijana mmoja mara tatu kwa upole amwombe aketi tena, andika hizo mara tatu. Neno subira utaona halihitajiki.

Wapo wanaochelewa kuandika kwa kuhofia lugha yao si nzuri. Kuna utafiti wa wanasaikolojia Amit Kumar na Nicholas Epley uliochapishwa mwaka 2018: waliwaomba watu waandike barua za shukrani, kisha wakalinganisha walichotarajia waandishi na walichohisi wapokeaji. Waandishi walidhani wapokeaji wangeona aibu kuliko ilivyokuwa kweli, na walikisia kwa chini furaha na mshangao wa wapokeaji. Waandishi walikuwa wanahangaikia kama wameandika vizuri, wapokeaji walikuwa wanagusika na upendo uliomo. Kwa hiyo usikae na ujumbe wiki mbili ukiutafutia maneno mazuri. Ukiwa na kitendo sahihi, maneno ya kawaida yanatosha.

Mambo yanayouharibu ujumbe mzuri

La kwanza ni ombi mwishoni. "Tunakutegemea tena mwezi ujao." Sentensi hiyo moja inarudi nyuma na kubadilisha maana ya zote zilizotangulia. Mtu anaanza kuhisi kwamba viti vilitajwa ili akubali zamu nyingine. Ombi la zamu litume siku nyingine, katika ujumbe wake. Hapa sina msamaha wowote, hata kama una upungufu wa watu.

La pili ni kulinganisha. "Tofauti na wengine, wewe ulifikiri." Wengine wataambiwa, kwa kuwa watu huonyeshana ujumbe, na utakuwa umemsifu mmoja kwa kuwadhalilisha 22.

La tatu ni siri za watu. Ukitaja kitendo mahususi, unakaribia sana kumtaja na aliyetendewa. Mama alimtuliza mtu fulani aliyekuwa analia kabla ya kuchangia. Kisa hicho kingependeza sana kwenye ujumbe, lakini machozi yale ni ya mwenyewe. Kwenye ujumbe wa faragha kwa mama unaweza kuandika "yule aliyekuwa na hofu", naye ataelewa. Ukitaka kuusoma mbele ya watu, kiondoe kabisa. Na kabla hujausoma mbele ya watu, mwulize mama mwenyewe. Wapo wanaojitolea ambao kutajwa hadharani kwao ni adhabu.

Kuna na wale wa nyuma ya pazia: waliofua vitambaa, waliopanga ukumbi usiku uliotangulia, waliorudisha meza. Hawa huachiwa sentensi ya "na wengine wote waliosaidia". Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ili kuwafikia, nenda kwenye matokeo urudi kinyumenyume. Ukumbi ulifunguliwa saa mbili na kila kitu kipo mahali pake: nani alikuwepo saa moja? Meza zilirudi zikiwa safi: nani alizifuta? Utapata jina, na ukipata jina utapata kitendo.

Ukiwa na watu wengi

Kuandika namna hii kwa watu 23 kunawezekana, ila si kwa kukaa mara moja. Mimi huandika mwili wa ujumbe mmoja unaowahusu wote, wenye habari ya siku nzima: watu wangapi walichangia, tulifunga saa ngapi. Sehemu hiyo ni haki yao wote kuijua. Kisha, juu yake, kila mtu ana sentensi mbili au tatu zake. Zinatangulia, kwa sababu mtu akifungua ujumbe na kukuta habari za jumla, anaacha kusoma.

Sentensi mbili za mtu mmoja, kama daftari limejaa, huchukua dakika nne au tano. Watu 23 ni chini ya saa mbili. Zigawe siku mbili. Ikiwa kikundi ni kikubwa kuliko hapo, wape viongozi wa vituo waandike kwa watu wao, maana wao ndio walioona. Ujumbe mahususi kutoka kwa kiongozi wa kituo una nguvu kuliko wa jumla kutoka kwa mwenyekiti.

Usiruhusu zikatofautiana sana urefu. Mmoja akipata aya nzima na mwenzake mstari, wakionyeshana itauma. Punguza ndefu, au rudi ukaulize zaidi kuhusu yule wa mstari mmoja.

Na usingoje tarehe 5 Desemba. Hiyo ndiyo Siku ya Kimataifa ya Watu Wanaojitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985, na vikundi vingi huitumia kutuma shukrani za mwaka. Ni siku nzuri ya kukutana. Lakini mtu aliyehamisha viti mwezi wa tatu, ukimwandikia Desemba, wewe utakuwa umesahau na yeye atakuwa amesahau. Siku tatu baada ya kazi ndiyo kikomo changu.

Hakikisha, na ukirekebishwa, pokea

Kadiri ujumbe unavyokuwa mahususi ndivyo kosa linavyoonekana. "Mchango wako ni mkubwa" hauwezi kuwa na kosa, kwa sababu hausemi kitu. Ukisema nani alifanya nini, unaweza kumpa mmoja kazi ya mwingine. Kwa hiyo kila kitendo unachokiandika kipate kuthibitishwa na mtu wa pili, hasa kama hukukiona mwenyewe.

Mimi nililipuuza hili kwa jambo moja. Siku ile niliona vikombe vya karatasi vya wachangiaji vimeandikwa saa kwa kalamu: 4:20, 4:35, 5:05. Ilikuwa saa ambayo kila mmoja anaruhusiwa kuinuka. Mtu haulizi tena "nimekaa kiasi gani?", anatazama kikombe chake. Nikadhani ni wazo la mama wa viti, kwa kuwa vikombe nilivikuta kwake. Ujumbe wa pili niliomtumia ulikuwa hivi:

"Shikamoo Mama. Uliniuliza kama nilipita kule kwenu. Nilipita mara nne, na nilipaswa kukuambia tangu mwanzo nilichokiona. Asubuhi watu walikuwa wanainuka kabla hawajapumzika vizuri, kwa sababu viti vilikuwa karibu na mlango. Wewe uliligundua, ukavigeuza vyote vikatazama ndani, ukavisogeza mpaka ukutani, ukaketi mwenyewe kwenye njia ya kutokea. Ukaandika na saa kwenye vikombe vyao. Kuanzia hapo hadi tunafunga, hakuna hata mmoja aliyepata kizunguzungu akiwa amesimama. Watatu waliojisikia vibaya walikuwa wameketi mbele yako, na uliwaona mapema ukamwita muuguzi. Nimechora ramani ya viti ulivyovipanga, na ndiyo tutakayoitumia mara ijayo. Asante sana, Mama."

Alijibu asubuhi iliyofuata:

"Marahaba mwanangu. Nimefurahi ulipita. Viti ni mimi. Vikombe si mimi, ni yule kijana aliyekuwa anamimina juisi, alianza mwenyewe baada ya kuona nawauliza watu saa kila mara. Mwandikie na yeye."

Kijana yule alikuwa miongoni mwa wale 23, na alikuwa amejibu ujumbe wangu wa jumla kwa kikaragosi. Katika daftari langu, mbele ya kazi yake, nilikuwa nimeandika neno moja: "juisi". Nilimpigia muuguzi kuthibitisha, akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa, na akaniongezea kwamba kijana alikuwa anasoma saa ukutani kila anapomimina, anaongeza dakika 15, anaandika, kisha anampa mtu kikombe akimwambia saa ile kwa mdomo pia. Nikamwandikia:

"Mambo vipi, kaka. Mama wa viti na muuguzi wameniambia kwamba ile saa iliyoandikwa kwenye vikombe ilikuwa wazo lako. Uliona Mama anauliza kila mtu ameketi tangu saa ngapi, ukaanza kuongeza dakika 15 na kuiandika kwenye kikombe kabla hujamkabidhi mtu. Nilipopita mchana niliwakuta watu wanatazama vikombe vyao na kusubiri, hakuna aliyekuwa anauliza. Mwanzo nilidhani ni kazi ya Mama na nikamshukuru yeye, naye akanirekebisha. Asante, na samahani kwa kuchelewa."